Hati ya tabia njema inapokutia shaka: kusoma dalili na kufika kwenye chanzo

Msimbo wa QR ulifunguka, ukurasa ukatokea wenye tiki ya kijani, na jina la mwombaji lilikuwa pale pale pamoja na picha yake. Hati yenyewe ilikuwa ya kughushi.

Mwombaji alikuwa kijana kutoka Kasulu aliyeomba kazi ya kuendesha basi la shule hapa Kigoma mjini. Mimi hupokea na kukagua nyaraka za waajiriwa, na kazi ya dereva wa watoto siipitishi bila kuona hati ya tabia njema ya polisi. Nitaipitia hati ile dalili moja baada ya nyingine, kwa mpangilio niliofuata siku ile, na kila dalili nitaeleza inaweza kusababishwa na nini. Nyingine ni ishara ya udanganyifu. Nyingine zinaonekana mbaya ilhali hati ni halali kabisa, na mtu asipozijua atamnyima kazi asiye na kosa.

Kabla ya karatasi, uliza njia iliyopitiwa

Watu wengi huanza kwa kuinua hati kwenye mwanga wa dirisha. Mimi huanza kwa kumuuliza aliyeileta: "Alama za vidole ulichukuliwa wapi, na lini?"

Kwa Tanzania, hati hii inatokana na alama za vidole. Mwombaji anachukuliwa alama za vidole vyote kumi polisi, kwa kawaida kupitia ofisi ya Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, ambaye wengi tunamwita RCO. Alama hizo zinalinganishwa na kumbukumbu za wahalifu zinazotunzwa makao makuu ya Jeshi la Polisi, upande wa uchunguzi wa kisayansi wa jinai, na hati inatoka huko. Malipo yanafanyika kwa namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontrolo namba, yenye tarakimu 12.

Kwa hiyo mtu aliyepitia njia halali anakuwa na kumbukumbu mbili kichwani: siku aliyoshikwa kidole kimoja kimoja, na ujumbe wa malipo kwenye simu. Hata kama miezi imepita atasema, "Ilikuwa Jumanne, foleni ndefu, askari akaniambia nilegeze mkono." Anayekosa kumbukumbu zote mbili ana tatizo, hata karatasi yake iwe nzuri kiasi gani.

Kijana wa Kasulu alinijibu bila kusita: "Hapana mama, sikuchukuliwa vidole. Yule bwana alisema siku hizi yanaisha mtandaoni." Nikamwomba anionyeshe alivyolipa. Akafungua simu. Pesa ilikuwa imetumwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, na jina la mtu likatokea kwenye ujumbe.

Hapo nilikuwa na shaka ya kutosha, lakini sikuwa na ushahidi. Inawezekana mtu akampa ndugu pesa amlipie kontrolo namba, na hilo si kosa. Vidole ndivyo vilivyonisumbua, kwa sababu hakuna ndugu anayeweza kukupelekea vidole vyako.

Dalili: QR inafunguka vizuri, lakini anwani si ya serikali

Usisome ukurasa kabla hujasoma anwani. Ukurasa wenye nembo ya Taifa, rangi za polisi na tiki ya kijani unatengenezwa na kijana yeyote mwenye kompyuta kwa mchana mmoja. Anwani ya serikali ndiyo ngumu kuipata, kwa kuwa majina yanayoishia `.go.tz` hutolewa kwa taasisi za serikali tu.

Ujanja upo kwenye namna ya kuisoma. Anza baada ya `https://`, nenda hadi mkwaju wa kwanza, yaani alama ya `/`, kisha simama hapo urudi nyuma. Kipande cha mwisho kabla ya mkwaju ndicho kinachosema mwenye nyumba ni nani. Linganisha hizi tatu:

```
https://www.polisi.go.tz/...
https://polisi.go.tz.example.com/...
https://polisi-go-tz.example.com/...
```

Ya kwanza tu ndiyo ya serikali. Ya pili imeandika `polisi.go.tz` kamili, lakini maneno hayo yako mwanzoni na mwenye nyumba ni `example.com`. Ya tatu imeweka vistari mahali pa nukta. Simu nyingi hukata anwani ndefu na kuonyesha mwanzo wake tu, na hiyo ndiyo sababu ile ya pili inawapata watu. Gusa anwani, ivute hadi mwisho, uone.

Ukurasa wa kijana yule ulikuwa wa aina ya pili.

Kuna hali nyingine inayofanana na hii: unapiga picha QR na hakuna ukurasa unaofunguka, yanatokea maandishi tu, kama jina, namba na neno "halali". Maandishi hayo yamo ndani ya msimbo wenyewe. Aliyeuchora ndiye aliyeyaandika, hivyo hayathibitishi chochote. Na hati isiyo na QR kabisa si lazima iwe bandia, maana zilizotolewa zamani hazikuwa nayo. Hiyo inakupeleka moja kwa moja kwenye kuuliza ofisi.

Dalili: anwani ni ya serikali kweli, lakini taarifa hazifanani

Hii ni hatari zaidi, kwa sababu hapa mkaguzi hulegea. Mghushi huchukua hati halali ya mtu mwingine, anaacha QR na namba yake kama zilivyo, anabadilisha jina na picha. Ukipiga picha msimbo, unafika kwenye tovuti ya kweli, na tovuti inakuambia kwamba hati hiyo ipo. Ni kweli ipo, ila si ya huyu aliyeketi mbele yako.

Kwa hiyo usiridhike na neno "ipo". Linganisha jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti au ya NIDA na tarehe ya kutolewa, moja moja, kati ya skrini na karatasi, kisha kati ya karatasi na kitambulisho halisi cha mwombaji. Ulinganisho huu wa pili ndio watu wanaousahau.

Namba ya NIDA inakusaidia hapa kuliko unavyodhani. Ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1991 namba yake itaanza na 19910314. Kwenye hati ya kijana yule, tarehe ya kuzaliwa iliandikwa 1993, huku namba ya NIDA iliyochapwa mstari wa chini yake ikianza na 1991. Kitambulisho chake kilisema 1991. Aliyebadilisha hati aliandika upya jina na namba ya NIDA, lakini akaisahau tarehe ya mtu wa mwanzo.

Dalili: nakshi ya nyuma imekatika chini ya jina

Sasa tumefika kwenye karatasi. Nakshi ya nyuma, ile mistari myembamba inayopindana kama mawimbi chini ya maandishi, haiwekwi kwa urembo. Imewekwa ili anayefuta neno afute na mistari. Ukiona sehemu ya jina ina weupe kuliko pembeni, au mistari imefika kwenye herufi ya kwanza ikapotea na kuibuka tena baada ya herufi ya mwisho, kuna kitu kimefunikwa na kuandikwa juu. Tazama pia kimo cha herufi: jina lililoandikwa upya mara nyingi hukaa juu au chini kidogo ya mstari wa maneno jirani.

Huhitaji vifaa vya maabara. Kamera ya simu ikisogezwa karibu na kukuzwa inatosha. Ukitazama muhuri kwa njia hiyo, muhuri uliogongwa kwa mkono una wino wa rangi moja ulionywewa na karatasi, mara nyingi umekolea ukingoni na kufifia katikati, na umekaa upande kidogo. Muhuri uliochapwa kwa printa ya rangi ukikuzwa unavunjika kuwa vitone vya rangi tofauti: buluu, waridi, njano. Saini nayo, ikiwa imewekwa kwa kalamu ya bolipeni, huacha mfereji unaoweza kuuhisi kwa kidole upande wa nyuma wa karatasi.

Maandishi madogo sana, kama yapo, yatazame pia. Kwenye hati halali mstari unaoonekana kama uzi ukikuzwa unasomeka maneno. Kwenye nakala iliyopitishwa kwenye skana unabaki mstari uliochakaa au vitone visivyosomeka.

Wapo wanaotumia tochi ya zambarau, ile ya kukagulia noti. Karatasi ya kawaida ya fotokopi huwaka weupe wa samawati chini ya mwanga huo kwa sababu ya dawa za kung'arisha zinazotiwa kiwandani. Karatasi ya usalama hubaki imefifia, na kama ina nyuzi maalumu, nyuzi peke yake ndizo zinazowaka. Ni kipimo kizuri, lakini kina mpaka mmoja mkubwa: kama hati ilitolewa kielektroniki na mwenyewe akaichapisha steshenari, karatasi itawaka kama fotokopi yoyote, vitone vya printa vitakuwa kwenye kila kitu, na bado hati ni halali. Kwa hiyo kwanza ujue ulichoshika ni kitu gani: karatasi iliyotoka ofisini au chapisho la faili. Ukipima chapisho kwa vipimo vya karatasi ya ofisini, utamwonea mtu.

Ndiyo maana sikuhesabu muhuri wa kijana yule kuwa ushahidi, ingawa ulikuwa wa vitone. Nakshi iliyokatika niliihesabu, kwa kuwa hata faili ikichapishwa kwenye printa mbovu, mistari haipotei chini ya jina peke yake.

Dalili: hati ni halisi, lakini ofisi iliyoitoa siyo

Hii huku kwetu naiona mara nyingi, na wengi wanaoileta hawana nia mbaya. Mtu ameambiwa alete "barua ya polisi", akaenda kituo cha karibu, mkuu wa kituo akamwandikia kwamba hana kesi pale. Mwingine ameleta barua ya mtendaji wa kata inayosema ni mkazi mwenye mwenendo mzuri. Muhuri ni wa kweli na saini ni ya kweli. Lakini kituo kimoja kinajua vitabu vyake tu, na mtendaji anajua kata yake tu. Hakuna aliyelinganisha vidole na kumbukumbu za nchi nzima. Barua hizo zihifadhi kama barua za utambulisho, na mwombaji mwelekeze akaombe hati yenyewe. Usimwite mdanganyifu.

Kwa Kigoma kuna jambo la ziada, maana tunapokea watu waliokaa ng'ambo ya ziwa na ng'ambo ya mpaka. Hati ya Tanzania inasema kuhusu kumbukumbu za Tanzania. Aliyeishi miaka kumi Kenya atahitaji ya Kenya, inayotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, na kuombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya huko. Ya Rwanda haitoki polisi kabisa: inatolewa na mamlaka ya mashtaka, na maombi yanapitia Irembo, tovuti ya huduma za serikali ya Rwanda. Kwa hiyo "cheti cha polisi" cha Rwanda chenye muhuri wa kituo cha polisi kinapaswa kukusimamisha kabla hujasoma jina. Kwa Wakongomani, cheti cha mwenendo mwema kinachotolewa na komini, yaani ofisi ya utawala wa eneo, si kitu kimoja na dondoo la kumbukumbu za makosa ya jinai, ingawa mwenye nacho mara nyingi huamini ni kimoja.

Dalili zinazotisha bure

Herufi za jina. Huku kwetu R na L hubadilishana katika majina ya Kiha, na mtu mmoja anaweza kuwa na L kwenye cheti cha kuzaliwa na R kwenye NIDA. Mpangilio wa majina nao hubadilika kati ya pasipoti na kitambulisho. Mwanamke aliyeolewa anaweza kuwa na jina la mume kwenye moja na la baba kwenye nyingine. Tarehe ya kuzaliwa na namba za kitambulisho zikikubaliana, mwombe kiapo cha majina, uendelee.

Muundo tofauti na ule uliouzoea. Fomu hubadilishwa, viongozi wanaotia saini hubadilika. Hati ya miaka kadhaa nyuma ilinganishe na nyingine ya kipindi kile kile, kamwe usiilinganishe na ya mwaka huu.

Muhuri uliofifia au uliogongwa nusu. Karani alichoka, kidau kilikauka. Ninaogopa zaidi muhuri uliokamilika mno, ulionyooka sawasawa na ukingo wa karatasi.

Kuuliza ofisi iliyotoa, na kuuliza vizuri

Yote niliyoyasema hadi hapa yanakupa shaka au yanaipunguza. Jibu lipo kwenye daftari la aliyetoa. Usipige namba ya simu iliyochapwa kwenye hati unayoishuku, kwa kuwa anayeghushi hati anaweza kuweka na simu ya mwenzake. Tafuta mawasiliano kwenye tovuti ya Jeshi la Polisi, au peleka barua kwa mkono ofisi ya RCO, ambayo itajua namna ya kuifikisha makao makuu.

Kwanza pata ridhaa ya mwombaji kwa maandishi. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikifanya kazi, na hati hii inabeba taarifa nyeti. Ridhaa nayo ina faida ya ziada: anayejua hati yake ni ya bandia mara nyingi huomba karatasi yake arudi nayo "kesho" pale tu unapomweka kalamu mkononi. Kijana wa Kasulu alisaini bila neno, na hapo nikaanza kuamini kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetapeliwa.

Kisha andika maswali mawili, usiandike moja. Ukiuliza tu, "Je, hati namba hii ilitolewa na ofisi yenu?", jibu linaweza kuwa ndiyo, na ukabaki na hati ya wizi mkononi. Barua yangu sehemu yake kuu ilikuwa hivi:

"Naambatisha nakala ya hati na nakala ya kitambulisho cha mwombaji, pamoja na ridhaa yake. Naomba kujua: (1) kama hati yenye namba hii na tarehe hii ilitolewa na ofisi yenu, (2) kama ilitolewa kwa mtu mwenye jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho vinavyoonekana kwenye nakala iliyoambatishwa."

Sikuandika neno "bandia" wala kumtuhumu mtu. Kughushi na kutumia hati ya uongo ni makosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kuamua nani kafanya nini ni kazi ya polisi. Hati yenyewe sikuichora, sikuitoboa, wala sikuibana pini. Niliiweka ndani ya bahasha, nikaandika nje tarehe na nani alinikabidhi.

Jibu lilipokuja lilikuwa na sehemu mbili kama maswali. Namba ilikuwa ya kweli. Mwenye namba alikuwa mtu mwingine.

Nilimwita kijana nikamweleza, mlango ukiwa wazi na mwenzangu wa ofisini akiwapo. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mama, mimi nililipa pesa ya mahindi ya nyumbani." Nikamwambia asiufute ujumbe wa malipo kwenye simu, maana una jina na namba ya aliyepokea, nikaenda naye polisi akatoe maelezo kama mlalamikaji. Nafasi ya kazi tuliishikilia kwa wiki chache. Aliomba hati upya, safari hii kwa kontrolo namba na kwa vidole vyake.

Hati ya pili niliikagua kama ya kwanza, hatua zote, na maswali yote mawili. Kwenye faili lake niliandika siku niliyoithibitisha, kupitia ofisi gani, na tarehe ya kutolewa, kwa kuwa hati hii inasema tu hali ya kumbukumbu hadi siku ile ilipotolewa. Sisi kwa madereva wa watoto hatupokei iliyozidi miezi 6. Yake ilikuwa ya siku tisa.